Makato madogo, kero kubwa

Pensheni ya mtu si ya kumegwamegwa kimyakimya! Mwalimu mmoja mstaafu ninayemfahamu, mama aliyesahihisha madaftari ya watoto maisha yake yote, aligundua kwamba kila mwezi anapata pungufu kidogo ya kiasi kilichoandikwa kwenye hati yake ya malipo. Upungufu ni uleule, mwezi hadi mwezi. Benki ikamwambia aulize mfuko wa pensheni. Mfuko ukamrudisha benki.

Mwalimu hakubishana. Akaomba taarifa kamili ya akaunti, si ujumbe wa salio kwenye simu, maana ule huonyesha kilichobaki tu. Hapo ndipo mambo yalipojitokeza: pensheni iliingia yote, na mstari wa chini yake, siku hiyohiyo, kulikuwa na ada ya uendeshaji wa akaunti. Kama kiasi kilichoingia chenyewe kingekuwa pungufu, angejua kimekatwa njiani au kwa mlipaji.

Alipokuwa kazini, akaunti yake ilikuwa ya mshahara, isiyotozwa ada hiyo. Mshahara ulipokoma, benki ikaihamishia kwenye akaunti za kawaida bila kumwambia, ilhali ina akaunti ya wastaafu isiyo na ada!

Ameandika barua akitaka ahamishwe na arudishiwe makato yote tangu astaafu. Kumhamisha wamekubali. Kuhusu kurudisha, wanasema "tutaangalia". Waangalie nini, wakati kila kato limeandikwa kwenye taarifa yao wenyewe?