Ukisimamisha historia ya YouTube, ukurasa wa mwanzo unabaki na nini?

Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, wengi tulitazama habari usiku kucha, na ukurasa wa mwanzo wa YouTube ukajaa mapigano. Hadi leo watu wanashauriana: simamisha historia ya kutazama, utapumzika. Ushauri huo una ukweli, lakini unategemea umeusimamisha lini.

Tuchukue mama mshonaji wa Kadutu. Zamani simu yake ilimletea video za kukata kola na mikono ya gauni. Baada ya majuma ya kutazama vita, anasimamisha historia. Kuanzia hapo video mpya haziandikwi, wala hazitumiki kumchagulia nyingine. Zile za vita, hata hivyo, zimekwisha kuandikwa, na ndizo zinaendelea kumpangia ukurasa. Akirudi kwenye mishono yake, mishono nayo haiandikwi. Hapo amefunga mlango vita vikiwa ndani, na nadhani ndiyo maana wengi husema kitufe hakifanyi kazi.

Angeanza kwa kufungua orodha ya Historique, aguse vitone vitatu kando ya kila video ya vita na kuiondoa, huku akiacha za ushonaji. Kisha ndipo asimamishe, kila anapotaka kufuatilia habari, na kuiwasha tena akirudi kazini. Akitaka kuhakikisha, atazame video moja halafu aangalie orodha: isipoonekana, imesimama kweli. Historia ya utafutaji ina kitufe chake, kwa hiyo maneno anayoandika kutafuta habari yataendelea kuhifadhiwa asipoisimamisha hiyo pia.

Wengine hufuta yote na kuacha historia imezimwa. Tangu Agosti 2023, mtu asiye na historia ya kutosha na aliyeizima haletewi mapendekezo kwenye ukurasa wa mwanzo. Anabaki na sehemu ya kutafutia na chaneli alizojiandikisha. Kwa anayejua anachokitaka, hiyo ni raha kubwa, nami ningeichagua kwa simu inayoshikwa na watoto. Ila akifungua video, zile zinazopendekezwa chini yake bado zitamjia, kwa sababu zinafuata video iliyo mbele yake.

Hasara ninayoiona nzito kwetu haisemwi sana. Historia ndiyo inayokumbuka ulipofikia. Somo la dakika 40 la kukata suti likikatika katikati kwa sababu mega zimeisha, na historia imesimama, utakaporudi litaanza mwanzo, na usipokumbuka dakika yenyewe utalipia tena kipande ulichokwisha kuona. Mshonaji anayejifunza kwa mega za kubahatisha ana sababu nzuri ya kuiacha historia ikiwaka anapojifunza, hata kama vita vimemchosha.