Shem, mfuniko na mashine vimekuja pamoja

Kama unataka kujua sukari imezidi kwenye rojo la wafo huhitaji kuonja, we shika mpini wa mfuniko uvute juu, mashine nzima ikipaa na waya wake ikaning'inia hewani basi jibu umelipata. Na hivo ndo nilivyomkuta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kasimama katikati ya jiko kashika mashine ya wafo kwa mpini mmoja, moshi umetanda jikoni, ananiangalia anasema, "Shem, hii kitu nadhani imekufa."

Haikufa bana. Ilikuwa imegandana.

Ngoja niwaeleze. Mama mkwe alikuwa anakuja kunywa chai asubuhi, na mama mkwe wangu ni mtu ambaye akila kitu laini ambacho kilitakiwa kiwe kikavu hasemi kitu, anakirudisha kwenye sahani polepole. Yani hicho kimya ndo kinaua. So nikasema leo wafo zitoke zile za kuvunjika kabisa zikiliwa. Nikapima vizuri: unga wa ngano gramu 210, konflawa gramu 40, chumvi kidogo, beking pauda vijiko viwili vya chai, sukari vijiko viwili vya chakula basi, mayai mawili, maziwa mililita 400 na siagi iliyoyeyushwa gramu 100. Watu wengi siagi ndo wanaionea huruma, wanaweka kijiko kimoja halafu wanalalamika wafo zao kama mkate uliolowa, wakati mafuta ndo yanafanya ile ngozi ya nje ijikaange.

Nikakoroga kidogo tu, mabonge madogo nikayaacha, nikafunika bakuli, nikaenda kuoga. Rojo nataka lilale nusu saa. Hapo kwenye kulala ndo unga unakunywa maziwa taratibu, mabonge yanayeyuka yenyewe, na ule utando unaovutika uliojitengeneza wakati wa kukoroga unalegea, ukichoma wafo haiwi ngumu ya kutafuna. Ukiangalia baada ya hiyo nusu saa unaona kabisa rojo limekuwa zito zaidi na vitobo vya hewa viko juu. Unalichota tu, hulikorogi tena kwa fujo, unaua hewa yote.

Sasa shemeji kaingia jikoni mi niko bafuni. Kaona bakuli limefunikwa. Kwa akili yake mtu kasahau kumalizia kazi. Kafunua, kachovya kidole, kaona halina utamu, akasema moyoni ngoja nimsaidie shem. Akamimina kikombe kizima cha sukari. KIKOMBE. Kama gramu 200 hivi, kwenye rojo lililokuwa na gramu 25! Halafu akakoroga kwa nguvu zake zote mpaka likawa laini kama rangi ya ukuta, akaona amefanya la maana, akawasha mashine, na kabla taa haijaonyesha kuwa imepata moto, akamimina.

Kupaka mafuta? Hakupaka. Anasema si imeandikwa haishiki.

Haya, mashine ya baridi rojo linaingia kwenye vile vishimo linakaa hapo kabla halijaanza kuiva, linashika. Ya moto sawasawa, ukidondoshea tone la maji linaruka ruka na kupotea, rojo likigusa tu linajikaza juu na mvuke unalisukuma lisikae kwenye chuma. Ila hata ingekuwa ya moto, kwa sukari ile wafo isingetoka. Sukari nyingi kwenye chuma cha moto inayeyuka inakuwa gundi, inaungua nje wakati ndani bado uji. Na mtu akiona inaungua anafanyaje? Anafungua haraka. Wafo ambayo ndani ni uji ukiifungulia inachanika katikati, nusu juu nusu chini. Yeye hata hakufika huko, maana haikufunguka kabisa.

Na akaona ufumbuzi ni kuizima akaisubiri ipoe.

Hapo ndo alipoimaliza. Sukari iliyoyeyuka ikipoa inakuwa kioo. Nilipotoka bafuni alikuwa ameshajaribu kijiko, ameshajaribu kuipigapiga mgongo, na alikuwa anatafuta kisu. Nilipiga kelele sijui zilitoka wapi, kwa sababu kisu au chuma chochote kikipita kwenye ule utando mweusi wa mashine, pale palipochubuka ndo patakuwa panashika kila siku.

Nikamwambia iweke chini, ichomeke tena. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, mashine imeungua halafu tuiwashe? Ndio, washa, dakika mbili tatu tu, madirisha fungua yote. Sukari ikapata joto ikalegea, nikavuta mfuniko taratibu huku naupeleka kushoto kulia, ikaachia na sauti moja ya kuchanika ambayo sitaisahau. Nikachomoa waya. Vipande vikubwa nikavitoa na mwiko wa mbao, kwenye vishimo nikatumia kijiti cha mshikaki, halafu nikaweka kitambaa kilicholowa maji ya moto na kukamuliwa sana, nikafunga mfuniko juu yake. Ule mvuke unalainisha mabaki yote, baada ya muda unafuta tu. Maji ya kumwagia hapana jamani, ni umeme huo.

Kengele ya mlango ikalia. Mama mkwe!

Shemeji nikamtuma akaongee na mama yake sebuleni, na amri moja tu: usiguse kitu chochote kinachoiva. Nikatengeneza rojo jipya nikaliacha lilale, mama kule anauliza hiyo harufu ya moshi ni nini, namsikia mwanae anamjibu ni majirani.

Raundi hii mashine ikapata moto wa kutosha, nikapaka mafuta ya kula kwa brashi, kidogo sana, juu na chini. Mafuta ya kawaida, sio siagi, siagi ina vile vitu vya maziwa vinavyoungua na kuacha madoa yanayonata. Nikamimina, nikafunga, nikatulia. Mi taa siiamini sana, naangalia mvuke: ukiwa bado unafuka mwingi pembeni maana yake maji bado yamo ndani, ukipungua karibu kuisha ndo unajaribu mfuniko, na ukisikia unagoma unauacha nusu dakika nyingine. Zikatoka zenyewe, rangi ya dhahabu. Nikazipanga kwenye waya wa kupozea, hazilaliani, ukizirundika kwenye sahani mvuke wa ya chini unailowesha ya juu. Zilizotangulia nikaziweka kwenye oveni ya nyuzi 100 zisubiri wenzake.

Mama mkwe akauma ya kwanza. KRACH. Akaongeza ya pili. Hakusema kitu, ila sahani ilirudi tupu, kwa yule mama hiyo ni hotuba.

Lile rojo la sukari nililimwaga kwenye chombo nilichotandika karatasi ya kuokea nikaliingiza kwenye oveni, maana kulipunguza utamu ningehitaji unga wa kulisha harusi. Ikatoka keki nzito nzito, mbichi mbichi hivi, tamu kupita kiasi. Shemeji kakata kipande, katafuna, akageuka kwa mama yake bila aibu: "Mama, hii nimepika mimi."

Na mama kaomba afungiwe iliyobaki aende nayo.