Kazi Mpya Sita, Zilezile za Jana

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, kishikwambi cha kituo cha mafuta kinalia: "Una kazi mpya 6." Mpya! Soma mita, pima tangi, jaribu pampu, hesabu fedha, kagua mtungi wa moto, kagua mchanga. Jana zilikuwa hizohizo, na za usiku bado ziko wazi, zina rangi nyekundu kama deni la dukani.

Hesabu yenyewe, jamani, ni ya darasa la nne. Mita ilifungua 48,210, imefunga 48,855: lita 645. Tuseme lita ni shilingi 3,000, basi zitakiwe 1,935,000. Mkononi kuna 1,240,000, lipa namba ina 635,000. Jumla 1,875,000. Shoti ya 60,000.

Hapo ndipo shughuli inapoanza. Anayetoka zamu anakung'uta mifuko, anavua hadi kofia. Noti zinahesabiwa upya, mara kwa kulamba kidole, mara bila kulamba.

"Dada, hebu angalia vizuri, labda kuna elfu kumi zimegandana."

"Sita zigandane, kaka? Kwa gundi gani?"

Msimamizi anakohoa kiheshima na kufungua daftari la makato ya mshahara. Yaani daftari linapatikana haraka kuliko kalamu!

Sasa gawa tu 60,000 kwa 3,000. Inatoka lita 20, bila hata nukta. Mwizi gani anaiba kwa unyoofu huo? Mteja aliyekimbia bila kulipa haachi namba nadhifu hivyo, wala chenji iliyozidi. Lita 20 ni ule mtungi wa kipimo! Pampu ilipojaribiwa, mafuta yalipita kwenye mita, yakasomwa shingoni mwa mtungi, yakarudishwa tangini. Mita haina reverse. Imeshayahesabu kama yameuzwa. Lazima yatolewe: 645 toa 20, lita 625, mara 3,000, ni 1,875,000. Senti kwa senti.

Lakini kishikwambi, bwana mkubwa, kina kisanduku cha "Pampu imejaribiwa: ndiyo/hapana". Hakiulizi lita ngapi zilirudi. Mtu anabofya ndiyo, mwenzake anakatwa mshahara. Na wakijaribu mikono miwili ya pampu, ni lita 40, laki na ishirini! Andikeni lita zilizorudi pembeni ya mita, na tangi zilikorudi, kabla mtungi haujakauka. Ni kuandika tu, jamani, ni kuandika!

Lipa namba nayo: mita imesomwa saa kumi na mbili, muamala umeingia na dakika nne. Huo ni wa zamu mpya, msigombane.

Mtungi wa moto, sindano iko kwenye kijani. Mchanga unatakiwa uwe mkavu, utiririke kwenye koleo. Mvua ikishanyesha unakuwa tofali. Leo umejaa vizibo vya soda. Soda gani hiyo inanyweka saa tisa usiku, na hela ya kuinunulia imetoka wapi wakati wote tuna shoti?