Fakta mbili au tano? Kwa nini namba ndogo haisikilizwi

"Skeli yangu ya mtazamo wa wanafunzi kuhusu hisabati ina kauli 20, na wamejaza wanafunzi 200. SPSS imenipa fakta tano zenye thamani aijeni inayozidi 1. Uchanganuzi sambamba unasema mbili. Msimamizi anataka tano. Nibakize ngapi?"

Fakta ni kitu kimoja kilichojificha nyuma ya kauli kadhaa na kuzifanya zijibiwe kwa kufanana, na thamani aijeni ni kiasi cha mtawanyo wa majibu ambacho fakta hiyo imebeba. Nianze na utetezi wa tano, maana una msingi. Mwaka 1954 Guttman alionyesha kwamba idadi ya thamani aijeni zinazofikia 1 ni kiwango cha chini cha idadi ya fakta. Kaiser akaifanya kanuni ya kazi mwaka 1960, na hadi leo SPSS ukiifungua bila kugusa chochote inakuchagulia njia hiyo. Mantiki yake inaeleweka: kila kauli imeleta mtawanyo wa 1, kwa hiyo fakta isiyofikisha 1 imebeba kidogo kuliko kauli moja. Tena wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kubakiza fakta pungufu huharibu zaidi kuliko kuzidisha, kwa sababu fakta iliyoachwa hulazimisha kauli zake zijibanze kwenye fakta nyingine na kupotosha uzito wa zote, yaani nguvu ya uhusiano wa kila kauli na fakta yake.

Tatizo ni kwamba hoja ya Guttman inahusu idadi nzima ya watu, na hapa tuna sampuli ya 200. Jaribu hivi: tengeneza jedwali la safu 200 na nguzo 20, lijaze namba za kubahatisha zisizohusiana kabisa, kisha tafuta thamani aijeni. Tunajua hakuna fakta hata moja ndani yake. Hata hivyo ya kwanza itatoka karibu 1.6, ya pili karibu 1.5, na zitakazozidi 1 zitakuwa tisa hivi. Sababu yake ni rahisi. Jumla ya thamani zote lazima iwe 20, sawa na idadi ya kauli, kwa hiyo wastani ni 1. Katika sampuli, mahusiano ya bahati hayaishii kwenye sifuri kamili. Mengine yanaangukia 0.08, mengine -0.11, na hesabu inayokusanya kilicho kikubwa kwanza huyaokota hayo na kuyapandisha juu. Nusu ya juu inazidi 1, nusu ya chini inashuka. Mtu akiniambia fakta yake ya tano ina 1.04, swali langu la kwanza ni namba za kubahatisha zingempa ngapi mahali hapohapo. Kwa ukubwa huu zingempa zaidi ya 1.2.

Hilo ndilo alilolifanyia kazi Horn mwaka 1965. Uchanganuzi sambamba huzalisha mamia ya majedwali ya namna hiyo, yenye ukubwa uleule wa data yako, kisha huuliza kila fakta kama imeishinda bahati ya nafasi yake. Siku hizi wengi hulinganisha na asilimia ya 95 ya thamani za kubahatisha, yaani kiwango ambacho bahati hukipita mara 5 tu kati ya 100, badala ya wastani, ili wasidanganyike kirahisi. Kwenye R ni mistari michache:

```r
library(psych)
fa.parallel(majibu, fa = "pc", n.iter = 500, quant = .95)
fa(majibu, nfactors = 2, rotate = "oblimin")
```

Tuchukue thamani za mfano zinazofanana na hali ya muulizaji: 6.20, 2.10, 1.38, 1.18 na 1.04. Mipaka ya kubahatisha kwa nafasi tatu za kwanza ni takriban 1.70, 1.55 na 1.45. Ya kwanza inapita kwa mbali, ya pili inapita vizuri, ya tatu inaishia chini ya mstari. Basi ni mbili.

Hapo ndipo msimamizi huleta asilimia: fakta tano zinaeleza 59.5 ya mtawanyo, mbili zinaeleza 41.5 tu, na tumezoea kuambiwa ifike 60. Lakini asilimia hiyo hupanda kwa kila fakta unayoongeza, hata iwe ya bahati tupu. Ukibakiza 20 utapata 100. Haiwezi kuwa hakimu wa idadi. Afadhali tuzitazame fakta zenyewe. Katika mfano wetu, baada ya kuzungusha fakta ili kila kauli iegemee moja waziwazi, ya tano imebaki na kauli mbili tu zenye uzito mkubwa: "Hisabati itanisaidia kupata kazi" na "Nikijua hisabati nitapata kazi kwa urahisi". Ni kauli moja iliyoandikwa mara mbili. Mwanafunzi aliyetia alama 4 kwenye ya kwanza atatia 4 kwenye ya pili, na fakta "imezaliwa". Ya nne ina kauli tatu zenye uzito wa 0.35 hadi 0.45, na zote zimeegemea pia fakta ya kwanza. Ukizipa majina hizi mbili, msomaji ataamini umegundua pande mbili za mtazamo wa wanafunzi, na mtafiti atakayerudia kwa shule nyingine hatazikuta.

Uchanganuzi sambamba nao una udhaifu wake, na ni wa kweli. Fakta ya kwanza ikiwa kubwa, kama hiyo ya 6.20, inakula sehemu kubwa ya ile jumla ya 20, na zilizobaki zinabanwa chini. Fakta ndogo lakini halali, hasa inayohusiana sana na ya kwanza, inaweza kukosa mstari kwa nywele. Ndiyo maana 1.38 dhidi ya 1.45 siitupi bila kuitazama. Ningeendesha suluhisho la fakta tatu kwa mzunguko wa mshazari, unaoruhusu fakta kuhusiana, na kuangalia kama ya tatu inapata angalau kauli tatu zenye uzito wa kutosha na maana moja. Ikipata, ina haki ya kusikilizwa. Lakini ya nne na ya tano hazina utetezi huo. Ziko mbali na mstari.

Na hizo mbili zilizopita? Kushinda bahati hakutoshi kuwa mtazamo. Tuseme fakta ya pili imekusanya kauli saba: "Hisabati inanitia hofu", "Sioni nitakapoitumia hisabati", "Muda wa hisabati ni muda uliopotea". Moja inahusu woga, nyingine manufaa, nyingine uchoshi. Kinachoziunganisha ni kwamba zote ni hasi, na kugeuza alama za majibu kabla ya hesabu hakuondoi jambo hilo, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi husoma haraka au hujibu kwa mtindo mmoja. Dalili yake ni hii: "Hisabati ina matumizi mengi" imekaa fakta ya kwanza, na kinyume chake kimekaa ya pili, ilhali maudhui ni yaleyale. Hapo ningeripoti kwamba fakta za kitakwimu ni mbili, ya pili ikiwa athari ya uandishi wa kauli, na nisingeitolea alama za pekee kama "mtazamo hasi". Lakini kauli saba hizo zikiwa zote za woga, pamoja na "Natulia ninapofanya mtihani wa hisabati" ambayo ni chanya, basi ni fakta ya wasiwasi, na alama mbili tofauti kwa kila mwanafunzi zitakuwa halali.