Gauni la kwenye slaidi na gauni la kwa fundi

"Nimebadilisha nguo kwenye picha kwa akili mnemba, halafu nimeiweka kwenye kazi ya darasa. Lazima niseme? Mbona aliyeongeza mwanga haulizwi?"

Aliyeongeza mwanga haulizwi kwa sababu nguo imebaki ileile. Mpaka uko hapo. Picha ya vazi humwambia anayeitazama kwamba kitambaa hiki kipo, kinakaa hivi mwilini na kinashoneka. Ukipunguza kivuli au ukifuta ukuta uliochafuka nyuma ya mvaaji, madai hayo hayaguswi. Ukibadilisha maua ya kitenge, ukirefusha mikono au ukimvalisha mtu nguo ambayo hajawahi kuivaa, umebadilisha kile hasa kinachopimwa, na anayepima ana haki ya kujua.

Wanaopinga wana hoja zao, na zina uzito. Simu nyingi siku hizi hulainisha ngozi na kung'arisha rangi zenyewe bila mwenye simu kuomba. Tukitaka kila mguso utajwe, maelezo yatakuwa marefu kuliko kazi. Mchoro wa penseli nao unaonyesha nguo isiyokuwepo, na hakuna anayeudai maelezo. Hoja nzito zaidi ni ya mwanafunzi: anayesema ukweli hukatwa alama, anayenyamaza hupita. Hoja ya penseli inajibika kwa urahisi, kwa kuwa mchoro unajitangaza wenyewe kwamba ni mchoro, ilhali picha ya akili mnemba inafanana na ushahidi. Hiyo ya alama haijibiki kirahisi, na tutairudia.

Chukua mfano wa ofisini, kwa sababu huko hasara huonekana kwa shilingi. Tuseme ofisi moja ya Mbeya mjini inataka sare za kitenge kwa wafanyakazi wanawake 20. Aliyepewa kazi anashonesha gauni moja Mwanjelwa, analipiga picha likiwa limevaliwa, kisha anatumia akili mnemba kupata miundo mingine miwili kutoka kwenye picha hiyohiyo. Mkutanoni anaonyesha picha tatu zinazofanana kwa mwanga na kwa mvaaji. Wakubwa wanachagua ya tatu, na bajeti inapitishwa kwa kufuata kitambaa kilichotumika kwenye ile ya kwanza.

Fundi anapoletewa picha ya tatu ndipo mambo yanapoanza kugoma. Mistari ya maua inatoka begani ikaingia mkononi bila kukatika, kana kwamba bega halina mshono. Kiuno kimebana kabisa lakini hakuna zipu wala vifungo popote, kwa hiyo haijulikani mvaaji aliingiaje. Maua ya mbele yanakutana na ya nyuma ubavuni bila kupishana. Hilo la mwisho linawezekana, ila linakula kitambaa: kama maua yanajirudia kila sentimita 60, fundi anahitaji hadi sentimita 60 za ziada kwa kila gauni ili ayasogeze yakutane. Kwa magauni 20 hizo ni mita 12. Pisi ya yadi 6 ni takriban mita 5 na nusu, kwa hiyo ziada peke yake inamaliza pisi mbili na kugusa ya tatu, kabla hujaongeza muda wa fundi. Halafu kuna baridi ya Juni na Julai. Gauni la kuvaliwa Mbeya miezi hiyo likitiwa bitana huwa zito, na yale marinda yanayoelea kwenye picha hayataelea.

Mwandaaji huyo huenda hakukusudia kumdanganya mtu. Kosa lilikuwa kuziweka picha tatu kwa hadhi moja, wakati moja ilikuwa nguo na mbili zilikuwa mawazo. Maneno machache chini ya picha yangemfanya mwenyekiti aulize swali sahihi: "Hii inashoneka? Kwa yadi ngapi?"

Ni maneno gani basi? Sentensi ya jumla kwenye slaidi ya mwisho, kwamba baadhi ya picha zimeandaliwa kwa msaada wa akili mnemba, haimsaidii mtu. Haisemi ni ipi, wala nini kimebadilika. Maelezo yanayofaa hukaa chini ya picha yenyewe na kusema kilicho halisi, kilichobadilishwa, programu iliyotumika na kama sampuli ipo. Kwa mfano: "Picha 3. Mvaaji na mandhari ni halisi. Gauni lote limetengenezwa kwa akili mnemba (jina la programu, mwezi na mwaka). Halijashonwa, idadi ya yadi haijathibitishwa." Kisha liseme kwa mdomo unapofika kwenye slaidi hiyo, maana waliokaa nyuma hawasomi maandishi madogo.

Maelezo hayo yaandike pia ndani ya picha, kwenye ukingo wa chini. Picha ikinakiliwa kutoka kwenye slaidi na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, maandishi ya pembeni hubaki nyuma. Zipo programu zinazoweka taarifa za asili ndani ya faili lenyewe, lakini WhatsApp huibana picha ya kawaida na taarifa hizo hupotea. Picha ya skrini nayo haizibebi. Ukitaka faili lifike lilivyo, litume kama Document. Na picha ya awali, ile isiyoguswa, usiifute.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: programu hizi zikibadilisha nguo, mara nyingi hubadilisha na mwili. Weka picha ya awali na iliyobadilishwa pamoja, utazame kiuno, mabega na urefu wa shingo. Kiuno kikiwa kimepungua, picha haiwezi tena kutumika kuonyesha nguo inavyomkaa mtu, na hilo liandikwe. Mvaaji akiwa mfanyakazi mwenzako, mwombe ruhusa kabla ya kupakia sura yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu na picha yake.

Sasa turudi kwenye alama. Mwalimu akitaka wanafunzi waseme ukweli, karatasi yake ya kusahihishia isimwadhibu anayesema. Alama za wazo zitengwe na alama za ushonaji: picha ya akili mnemba iliyoelezwa vizuri ipate alama za wazo, ila isipate kitu kwenye ushonaji. Programu za kugundua picha bandia zisiwe hakimu, kwani hukosea pande zote mbili. Jicho la fundi lina msaada zaidi. Kwenye kitenge halisi, chagua ua moja umtafute pacha wake hatua moja ya marudio mbele. Kwa kawaida atakuwa sawasawa. Kwenye kitenge cha akili mnemba, mara nyingi pacha ana jani pungufu au mstari uliopinda. Hata hivyo mashaka hayo yamfanye mwalimu aombe picha ya awali na kipande cha kitambaa kwanza, si kuandika sifuri, kwa sababu kitambaa kilichokunjamana au picha iliyobanwa na simu huweza kuonekana vivyo hivyo.

Aliyekwisha kukabidhi kazi bila maelezo atume faili lililorekebishwa kabla ya kusahihishwa, pamoja na picha ya awali na mstari mmoja unaotaja namba ya picha na kilichobadilishwa. Ofisini, mstari huo umfikie aliyepitisha bajeti kabla kitambaa hakijanunuliwa.