Ukosefu wa ajira na uhalifu: kipi kinazaa kipi?

"Vijana hawana kazi, ndiyo maana wizi umezidi."

Kauli hiyo fupi imebeba madai matatu: kwamba wasio na kazi ni wengi, kwamba wizi umeongezeka, na kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Mawili ya mwanzo yanahesabika. La tatu halihesabiki moja kwa moja, na ndilo ambalo watafiti wa uhalifu wamelibishania kwa miongo kadhaa, kila upande ukiwa na takwimu za kweli mkononi.

Tuanze na hesabu ya kubuni. Mtaa una vijana wa kiume 1,000. Kati yao 400 waliacha shule mapema na 600 walimaliza. Katika wale walioacha, 240 hawana kazi na 160 wanayo. Katika waliomaliza, wasio na kazi ni 50 na wenye kazi ni 550. Sasa tuamue kwa makusudi kwamba kazi haina athari yoyote kwa wizi: walioacha shule hukamatwa kwa kiwango cha 10% kwa mwaka, wawe na kazi au wasiwe nayo, na waliomaliza hukamatwa kwa kiwango cha 2% vivyo hivyo. Ukijumlisha, wasio na kazi waliokamatwa ni 24 na 1, yaani 25 kati ya 290, sawa na 8.6%. Wenye kazi waliokamatwa ni 16 na 11, yaani 27 kati ya 710, sawa na 3.8%.

Gazeti litaandika kwamba asiye na kazi hukamatwa kwa wizi zaidi ya mara mbili ya mwenye kazi, na halitakuwa limesema uongo. Lakini wape ajira wote 290 kesho asubuhi na wizi hautapungua hata kidogo, maana mfano tumeujenga hivyo. Kuacha shule ndiko kunakosukuma mambo yote mawili. Dawa inayojulikana ni kulinganisha walioacha shule wao kwa wao, na waliomaliza wao kwa wao. Tofauti inatoweka papo hapo. Shida ni kwamba unaweza kutenganisha kwa yale tu uliyoyapima. Elimu na umri vimo kwenye dodoso, lakini ulevi, makundi ya marafiki au mtu kushindwa kujizuia mara nyingi havimo, na kila kisichopimwa kinaendelea kujificha ndani ya namba.

Wengine huamua kuwaacha watu binafsi na kutazama nchi nzima mwaka hadi mwaka. Hapo wanaokanusha uhusiano huu hupata silaha yao kubwa, nayo ni Marekani. Desemba 2007 kiwango cha ukosefu wa ajira nchini humo kilikuwa 5.0%, kufikia Oktoba 2009 kilikuwa 10.0%. Wengi walitarajia wizi ulipuke. Takwimu za FBI zikaonyesha kinyume: mwaka 2009 uhalifu wa mali ulishuka kwa 4.6% na wa kutumia nguvu kwa 5.3%. Miaka ya 1960 ilikuwa imeshatoa kitendawili cha upande wa pili, ajira zikiongezeka na uhalifu ukipanda kwa kasi. Mtu akitaka kumaliza mjadala haraka, ataishia hapo.

Asiishie hapo. Grafu ya nchi inatuonyesha kilichotokea, wakati swali letu ni nini kingetokea kama ajira zisingepotea. Inawezekana uhalifu ulikuwa unashuka kwa sababu nyingine, na ukosefu wa kazi ukapunguza tu mwendo wa kushuka. Hoja hii ni halali, ila ina hatari yake: ukiruhusu "sababu nyingine" kila takwimu inapokukatalia, nadharia yako haitashindwa kamwe. Ndiyo maana mtafiti makini hutaja sababu hizo na kueleza atazipima vipi kabla ya kuona matokeo.

Upo pia uwezekano kwamba ukosefu wa kazi wenyewe unavuta pande mbili. Mwaka 1985 David Cantor na Kenneth Land walieleza jambo hili kwa namna inayotumika hadi leo. Mtu anapokosa kipato, msukumo wa kuiba huongezeka, lakini si siku hiyohiyo: kuna akiba, kuna ndugu, kuna deni la dukani, na msukumo unakuja hivyo vikiisha. Nafasi ya kuiba, kinyume chake, hupungua mara moja. Asiye na kazi anashinda nyumbani, kwa hiyo nyumba ina mlinzi mchana. Watu hawatembei na fedha. Bidhaa mpya za kuibwa ni chache. Nguvu mbili zinazopingana zikikaribia kulingana, uwiano kati ya ukosefu wa kazi na wizi kwenye takwimu za nchi utakuwa karibu na sifuri ingawa zote mbili zinafanya kazi. Kwa hiyo kutoona uwiano hakuthibitishi kwamba hakuna chanzo na matokeo, kama vile kuuona kusivyothibitisha kwamba vipo. Nusu hii ya pili ya somo husahaulika sana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kushuka kutoka ngazi ya nchi hadi majimbo. Steven Raphael na Rudolf Winter-Ebmer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walifuatilia majimbo ya Marekani kuanzia 1971 hadi 1997. Kila jimbo walililinganisha na lenyewe, wakaondoa mabadiliko yaliyoikumba nchi nzima kila mwaka, na tofauti za kudumu kati ya majimbo zikatoka kwenye hesabu. Kisha wakatafuta kitu cha nje kinachogusa ajira bila kugusa uhalifu kwa njia nyingine: zabuni za jeshi zilizokwenda kila jimbo, na mishtuko ya bei ya mafuta ambayo huumiza majimbo kwa viwango tofauti. Jimbo likipoteza ajira kwa sababu hizo, lawama haiwezi kutupiwa wezi wa huko.

Walipata kwamba kushuka kwa ukosefu wa ajira kwa pointi moja ya asilimia kulikwenda na kushuka kwa uhalifu wa mali kwa takriban 2%. Kwa uhalifu wa kutumia nguvu, matokeo yalikuwa dhaifu na yenye kuyumba. Kwa makadirio hayo, pointi tano za mwaka 2007 hadi 2009 zingeongeza wizi kwa kama 10% endapo mengine yote yangetulia. Hayakutulia. Na mbinu yenyewe ina mlango ulio wazi: zabuni ya jeshi inaleta pia wageni, inaongeza fedha mitaani, hata mapato ya kulipia polisi. Ikiwa mojawapo ya hayo linagusa wizi moja kwa moja, makadirio yamechafuka, na hakuna hesabu itakayokuambia yamechafuka kiasi gani.

Sababu ya kutafuta kitu cha nje ni kwamba mshale unaweza kwenda kinyume: uhalifu ukazaa ukosefu wa kazi. Mtafiti Devah Pager alilipima hili mjini Milwaukee, Marekani, kwa kuwatuma vijana kuomba kazi kwa waajiri 350, wasifu wao ukifanana isipokuwa kwamba baadhi walijitambulisha kuwa waliwahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, Wazungu wasio na rekodi waliitwa tena kwa kiwango cha 34%, na wenye rekodi 17%. Kwa Weusi ilikuwa 14% na 5%. Kwa kuwa mtafiti mwenyewe ndiye aliyepanga nani abebe rekodi, hakuna tabia iliyojificha ya kuilaumu. Ukichukua orodha ya wafungwa wa zamani na kuona wengi hawana kazi, sehemu ya unachokiona ni hii.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote unatoka Brazili, katika utafiti wa Diogo Britto, Paolo Pinotti na Breno Sampaio uliochapishwa mwaka 2022. Waliunganisha kumbukumbu za ajira rasmi na za mahakama, mtu kwa mtu, kisha wakawatazama waliopoteza kazi katika upunguzaji mkubwa wa wafanyakazi. Hilo ndilo jambo muhimu. Mtu anayefukuzwa peke yake huenda alikuwa mlevi au mgomvi tayari. Kampuni inapoondoa watu kwa mkupuo, tabia ya mmoja mmoja haina uzito mkubwa. Ukilinganisha na wafanyakazi wanaofanana nao waliobaki kazini, na ukaona makundi hayo mawili yalikuwa yakienda sambamba kabla ya tukio, unaanza kuamini tofauti inayojitokeza baadaye.

Uwezekano wa kushtakiwa uliongezeka kwa 23% kwa waliopoteza kazi, na kwa kiwango cha chini kidogo kuliko hicho kwa watoto wao wa kiume wanaoishi nao. Makosa ya kutumia nguvu yalikuwamo pia, jambo linalopingana kidogo na takwimu za majimbo. Isitoshe, waliokuwa na haki ya kulipwa bima ya ukosefu wa ajira hawakuonyesha ongezeko hilo wakati wakilipwa, na malipo yalipoisha kinga nayo ikaisha. Hii inaashiria kwamba kukatika kwa fedha ni sehemu kubwa ya njia inayomfikisha mtu kwenye kosa, wala si kukaa bure peke yake.

Lakini 23% isikutishe. Ikiwa watu 5 kati ya 1,000 hushtakiwa katika mwaka wa kawaida, ongezeko hilo linawafikisha 6. Waliobaki 994 hawana kazi na hawana kesi. Chanzo kinaweza kuwa cha kweli kabisa na bado kisikusaidie kumtambua mwizi, na polisi anayesimamisha kila kijana aliyekaa kijiweni amechanganya mambo hayo mawili. Tena waliopimwa ni watu waliokuwa na ajira rasmi wakaipoteza. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa hamo.

Hapo ndipo matokeo haya yanapokuwa magumu kuyahamishia Tanzania au Kenya. Kwa vipimo vya kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki ya marejeo huhesabiwa ana kazi. Kibarua wa siku moja na mwendesha bodaboda wa kukodi wote wamo. Kiwango cha ukosefu wa ajira kinaweza kubaki palepale huku kipato kikiporomoka. Upande wa uhalifu nao, kinachohesabiwa ni kilichoandikishwa kituoni, na watu huandikisha wanapokuwa na sababu: namba ya RB au OB inahitajika kurudisha laini ya simu au kitambulisho, wakati aliyeibiwa kuku haoni faida ya nauli. Ukiweka mistari hiyo miwili kwenye grafu moja, unalinganisha kipimo cha ajira kisichogusa shida na kipimo cha wizi kinachopanda hata utaratibu wa kuandikisha unaporahisishwa.

Mtafiti wa hapa angepata zaidi kwa kuacha neno "ajira" kabisa na kutafuta mshtuko wa kipato wenye tarehe na mahali: wilaya ambako bei ya zao la biashara imeanguka, au mji ambao kiwanda chake kimefungwa, ukilinganishwa na jirani asiyeguswa. Wizi wenyewe aupime kwa kuuliza kaya zilizoibiwa badala ya kuhesabu majalada, na aulize kwa kipindi cha kutosha kabla na baada, kwa kuwa akiba na ndugu huchelewesha matokeo. Kipindi cha kabla ndicho mara nyingi hukosekana, kwa sababu hakuna anayefadhili dodoso la wizi mahali ambapo bado hapajaharibika kitu.