Hakuna aliyekuficha kitu, shemeji

Wiki iliyopita grupu la familia liliingiwa na ile klipu tena. Mnaijua. Jangwa, ngamia wawili, muziki wa huzuni, alafu sauti nzito: "Vitabu ambavyo KANISA halitaki uvione." Shemeji yangu kaifowadi saa tano usiku na vidole vitatu vya kushangaa. Kufika asubuhi mjumbe mmoja wa jumuiya yetu kajibu kwa mistari miwili tu, kwamba hayo ni maandiko ya shetani, msisome, mtapotea. Mjadala ukafungwa hapo. Yaani watu wawili wamegombana usiku kucha kuhusu vitabu ambavyo hata mmoja wao hajafungua ukurasa, na mi ambaye nimevisoma (kwa tafsiri, Kikopti, lugha ya Misri ya zamani vilivyoandikwa, sikijui, msije mkaniomba niwasomee kwenye harusi) nikabaki naangalia simu uji unapoa.

Sasa ngoja niseme kwa urefu kidogo maana grupuni nitafukuzwa.

Vitabu vyenyewe ni vile vya Nag Hammadi, Misri ya juu, Desemba 1945. Mkulima anaitwa Muhammad Ali al-Samman alikuwa anachimba udongo wa rutuba chini ya mlima Jabal al-Tarif, akakuta mtungi, na ndani yake vitabu vya mafunjo vyenye majalada ya ngozi. Hadithi inaendelea kwamba aliogopa jini, kwamba mama yake aliwashia tanuru kurasa kadhaa, na kuna kisasi cha damu humohumo. Tamu sana, ila ilikusanywa miaka mingi baadaye, kila ikisimuliwa inabadilika, na wasomi wa karibuni wameanza kuikunjia uso. Mi pia naikunjia uso. Lakini vitabu vipo, makumbusho ya Kikopti pale Kairo: vitabu 13, maandiko 52 ukihesabu na yanayojirudia.

Lile la kwamba kaisari Konstantino na maaskofu walichagua vitabu vya Biblia kule Nisea nalimaliza kwa pumzi moja kwa sababu limenichosha: mtaguso wa mwaka 325 ulitoa kanuni 20 na hakuna hata moja inayopanga orodha ya vitabu vya Biblia, Konstantino hakupigisha kura ya injili, na orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vyetu 27 vya Agano Jipya, vyote na bila nyongeza, ni ya askofu Athanasio wa Aleksandria kwenye barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, miaka 42 baada ya Nisea. Kwenye hiyohiyo barua alivisema vibaya vitabu vya pembeni, hilo nakubali shemeji, alivisema vibaya kweli. Chukua pointi yako moja.

Ila kinachoniudhi ni kwamba pande zote mbili, wa "wametuficha" na wa "ni shetani", wanaviongelea hivi vitabu kana kwamba vinasema kitu kimoja. Kama vile kulikuwa na chama kimoja, Chama cha Wagnosi, wale wanaosemwa walitafuta wokovu kwa ujuzi wa siri, kina katiba, kina kadi, kikapinduliwa na Kanisa. Hapo ndo nataka tuchukue kitabu kimoja tu, cha saba kwa namba walizovipa wasomi, tukifungue.

Hiki ndo kimehifadhika vizuri kuliko vyote, kurasa 127. Na jalada lake ndo raha yenyewe. Mnakumbuka shule ya msingi tulivyokuwa tunajaladia madaftari kwa gazeti? Bibi yangu kitabu chake cha nyimbo alikijaladia hivyohivyo, na siku tulipokifungua baada ya msiba tulijua kabisa mwaka aliokijaladia kwa sababu gazeti lina tarehe. (Na tangazo la baiskeli. Tulicheka, alafu tukalia.) Basi mafundi wa Misri walikuwa wanafanya vilevile, ngozi juu, ndani wanashindilia makaratasi yasiyo na kazi ili jalada lisimame. Kwenye jalada la kitabu cha saba wamekuta hati zenye tarehe za miaka 341, 346 na 348. Kwa hiyo hakuna ubishi, kitabu hakikujaladiwa kabla ya 348, na pengine ni muda si mrefu baadaye, maana uchafu wa ofisini haukai miaka mia. Humohumo kuna barua za kawaida kabisa, mojawapo mwanamke anawaandikia wamonaki wawili kuwaulizia makapi kwa ajili ya punda wake. Makapi ya punda! Klipu haikulitaja hilo, halina muziki wa huzuni.

Hizo barua hazithibitishi kwamba wamonaki ndo walikuwa wenye kitabu, karatasi taka hutoka popote. Ila monasteri kubwa ya Mtakatifu Pakomi ilikuwa jirani tu pale, na mtu akisema vitabu vilizikwa kwa kuogopa barua ya Athanasio, anakisia. Kisio zuri, lakini kisio.

Sasa ndani. Maandiko matano, mwandiko wa mtu mmoja. La kwanza ni refu, nuru na giza na roho katikati, nimelisoma mara mbili na sijaelewa, naliruka. La pili linaitwa Hotuba ya Pili ya Seti Mkuu, na humu Kristo mwenyewe anasimulia kwamba waliodhani wanamtesa walikuwa wanamtesa mwingine, msalaba kaubeba Simoni, nyongo kanywa mwingine, taji la miiba kavishwa mwingine, na yeye yuko juu anawacheka kwa ujinga wao. Hapa najua wanangu wa mihadhara mmeshaamka. Nimewasikia wenyewe, viwanja vya mpira, spika mbili, "hata vitabu vyenu vya zamani vinakubali hakusulubiwa!" Jamani tulieni, someni na kurasa za mbele. Andiko hilohilo linamwita Adamu kichekesho, Ibrahimu kichekesho, Daudi kichekesho, Sulemani, Musa, wote kichekesho, na linamcheka mtawala aliyejigamba "mimi ndiye Mungu na hakuna mkubwa kuliko mimi", ambaye kwa mwandishi huyu ndiye aliyeumba dunia hii. Muislamu gani atalibeba hilo jukwaani? Na Mkristo gani? Halimtumikii yeyote kati yetu, na ndo maana wote tunalikata vipande.

La tatu ni Ufunuo wa Petro (si ule mwingine wa moto na adhabu, jina tu limefanana). Petro anaona mmoja anagongomelewa misumari na mwingine juu ya mti anacheka, anauliza, anaambiwa anayecheka ndiye Yesu aliye hai, anayegongomelewa ni ile sehemu ya mwili. Alafu inakuja mistari ambayo mi binafsi niliipigia makofi kabla sijajikumbusha kwamba ni muumini: kuna watu watajiita maaskofu na mashemasi kana kwamba mamlaka wamepewa na Mungu, hao ni mifereji mikavu. Mifereji isiyo na maji, kwa watu wanaoishi kwa maji ya Nile! Aliyetunga tusi hilo alijua anamtukania nani.

Na shujaa wake ni nani? Petro. Huyohuyo ambaye maaskofu walimshikilia kama mzizi wao. Kwa hiyo hawa hawakujiona wako nje wanaishambulia imani, walijiona wao ndo wenye Petro halisi.

Alafu unafungua ukurasa. Hapo ndo kichwa kiliniuma mara ya kwanza. La nne ni Mafundisho ya Silvano, na ni mzee anamfundisha kijana, mwanangu fanya hivi, mwanangu jihadhari na vile, tulia, tawala tamaa zako, mfuate Kristo. Unaweza ukalisoma Kwaresima na hakuna atakayegutuka. Kipande chake baadaye kilisambaa kwa jina la Mtakatifu Antoni, baba wa wamonaki! Na mule ndani Silvano anasema wazi, mtu asithubutu kusema Mungu hajui, si haki kumweka Muumba wa kila kiumbe kwenye ujinga. Umeona? Kurasa hamsini hivi nyuma muumba anachekwa kwa ujinga wake, hapa ni marufuku kusema hivyo. Kitabu kimoja, jalada moja, mwandiko mmoja. Na mnakili alivyomaliza Silvano akaandika kwa Kigiriki lile neno samaki la Wakristo, ambalo herufi zake ni mwanzo wa maneno Yesu Kristo Mwana wa Mungu Mwokozi, kisha huyoo akaendelea na andiko la tano, nyimbo tatu za sifa ambazo Kristo hatajwi popote. Akamaliza kwa kuombeana baraka za amani, baba na mwana.

Huyo mtu tumwiteje? Mgnosi? Mkatoliki? Alichanganyikiwa? Mi naona alikuwa Mkristo wa Misri aliyekuwa anasoma kila kinachoongelea roho, na hakuona shida wala hakuomba ruhusa. Askofu Irenei wa Lyon, mwaka 180 hivi, alituchorea picha safi: kanisa moja tangu mitume, alafu wazushi wanachipukia pembeni kama magugu. Nikubali kwa shingo upande, Irenei hakuwa mwongo kama nilivyodhani, maana mafundisho aliyoyasimulia yanafanana sana na kitabu cha siri cha Yohane ambacho hapo Nag Hammadi kimekutwa nakala tatu. Alivisoma. Ila mpaka aliochora haupo kwenye rafu ya huyu mnakili. Na kitabu cha tisa kina andiko linalowaponda wafuasi wa Valentino na Basilide, yaani "Wagnosi" wanawatukana "Wagnosi", kumbe hata hilo jina ni sisi tumewavisha, na wapo wasomi tangu miaka ya tisini wanaosema tulivue kabisa.

Msinikoti kwamba hivi vinatupa Yesu mpya. Ni nakala za karne ya nne, tafsiri kutoka Kigiriki, zinatuonyesha watu waliovisoma kuliko zinavyotuonyesha Galilaya. Injili ya Tomaso tu, nayo ya Nag Hammadi, ndo nabishana nayo bado, kwa sababu vipande vyake vya Kigiriki vilishaokotwa Oksirinko, hukohuko Misri, kuanzia 1897 na ni vya zamani zaidi, lakini hiyo ni posti nyingine.

Kwenye kitabu cha sita kuna kamaandishi ka mnakili kwa waliomtuma. Anasema nimenakili hii hotuba moja tu, nyingine nyingi zimenifikia ila sijazinakili, nikadhani labda mnazo tayari nikaogopa kuwalemea. Nilikatafsiri nikakatuma grupuni, bila maneno mengine.

Shemeji akajibu na klipu ileile, safari hii imekatwa sehemu mbili.